Sangara hauzwi kiholela: tunavyokosea swali la mifumo wima ya masoko

Upande huu wa Ziwa Victoria vizimba vya samaki vinazidi kuongezeka, na kila kikundi cha vijana kilichopata mkopo kinaongelea vifaranga, chakula na siku ya kuvuna. Sasa pamoja na vizimba imekuja hoja moja inayorudiwa sana, kwamba mfugaji anaweza kushika kila kitu mkononi mwake kuanzia kifaranga mpaka duka la samaki mjini, kwa hiyo huu ndo mfumo wima wa masoko wa kwanza kwenye samaki wa huku kwetu, na hawa wa sangara na dagaa wao wanaendelea na njia ya kawaida ya zamani, yaani mvuvi, wakala, kiwanda, kila mtu na lwake. Hoja ingebaki kijiweni nisingesumbuka, ila imeshaingia kwenye majibu ya mtihani. Wanafunzi wanaosoma masoko hapa Mwanza wanaijua ile pasti pepa inayojirudia: linganisha mifumo wima, ule wa umiliki, ule wa mkataba na ule wa uongozi wa mmoja mwenye nguvu, na njia ya kawaida ya usambazaji, toa mifano ya Tanzania. Nimepitia majibu mengi ya vijana wanaojisomea kwa vikundi, na karibu yote yanaweka sangara upande wa njia ya kawaida. Mimi nasema hapo wanakosea, na kosa lenyewe linaonyesha kwamba hawajaelewa swali linauliza nini. Cheni ya sangara ni mfumo wima kabisa, wa aina ile ya tatu ambayo kwenye noti huwa inaandikiwa mistari minne tu, ile wanayoiita administadi, na anayeielewa hiyo moja vizuri anaweza kujibu swali zima bila kukariri jedwali.

Tuanze na msingi ili tuongee kitu kimoja. Njia ya kawaida ni pale mzalishaji, muuza holseli na muuza rejareja wanapokuwa biashara tatu tofauti, kila moja inatafuta faida yake, hakuna anayeweza kumpangia mwenzake, leo wanauziana kesho kila mtu anatafuta bei nzuri kwingine. Mfumo wima ni pale hizo hizo hatua zinapoendeshwa kama kitu kimoja, kuna mtu anapanga bei, ubora, muda na nani apeleke wapi. Kinachotofautisha zile aina tatu ni kitu kimoja tu, huyo anayepanga anapata wapi uwezo wa kupanga. Kwenye koporeti anapanga kwa sababu hatua zote ni mali yake, kwenye mkataba anapanga kwa sababu walisaini, kwenye administadi hamiliki wala hajasainisha mtu wa maana, anapanga kwa sababu ni mkubwa na wengine wanamhitaji kuliko yeye anavyomhitaji mmoja mmoja wao. Ukishika hapo hutababaika, maana swali la kumpeleka mtu kwenye kundi lake linakuwa rahisi: anayetii anatii kwa nini?

Kwanini sasa watu wajisumbue kuunganisha cheni? Noti nyingi zinajibu kwa maneno ya jumla, kwamba inaleta ufanisi na inapunguza migogoro, halafu basi. Sababu yenyewe ni ya hesabu na ilielezwa na mchumi Joseph Spengler mwaka 1950, na ni hesabu ambayo mwanafunzi anaweza kuifanya kwenye karatasi ya mtihani kwa dakika tano. Chukua katoni ya juisi, tarakimu hizi nazitunga ili tuone kinachotokea. Kuitengeneza inagharimu 4,000. Sokoni ukiiuza 16,000 wateja wanachukua katoni 4 kwa siku, na kila ukishusha bei elfu moja inaongezeka katoni moja, kwa hiyo kwa 12,000 wanachukua 8. Kama mwenye kiwanda ndiye mwenye duka, akijaribu bei zote ataona inayomlipa zaidi ni 12,000, anauza katoni 8, kila moja inamwachia 8,000, jumla 64,000 kwa siku. Sasa watenganishe, kiwanda cha huyu na duka la yule, kila mtu anaangalia mfuko wake. Kiwanda kikipiga hesabu yake kinaona bei bora ya kumuuzia mwenye duka ni 12,000, na mwenye duka akishanunua kwa 12,000 hawezi kuuza kwa bei hiyo hiyo, anaweka na yeye faida yake, bei inayomlipa inakuwa 16,000. Zinauzwa katoni 4. Kiwanda kinapata 32,000, duka linapata 16,000, jumla 48,000. Angalia kilichotokea hapo, mteja amelipa zaidi, mzigo uliouzwa ni nusu, na hawa wawili ukiwajumlisha wamepata pungufu ya 16,000 kuliko wangekuwa kitu kimoja. Hakuna aliyemwibia mwenzake, kila mmoja ameweka faida juu ya faida ya mwenzake na hajali anavyomharibia mauzo. Hii ndo gharama halisi ya njia ya kawaida, na ukiiandika hivi msahihishaji anaona umeelewa.

Na hapo hapo hesabu inaonyesha kwamba si lazima umiliki. Hiki kiwanda kinaweza kumwambia mwenye duka, nakuuzia kwa 4,000 bila faida, ila unanilipa ada ya 40,000 kila siku kwa kutumia jina langu na eneo hili ni lako peke yako. Mwenye duka sasa ananunua kwa gharama, kwa hiyo mwenyewe atachagua bei ya 12,000, anauza 8, anapata 64,000, anatoa ada anabaki na 24,000. Kabla alikuwa na 16,000. Kiwanda kilikuwa na 32,000 sasa kina 40,000. Mteja naye kashushiwa elfu nne. Huo ni mkataba umefanya kazi ya umiliki, na ndo roho ya franchaizi. Mfano ulio mlangoni kwetu ni Coca-Cola, kampuni ya Marekani haimiliki kila mtambo wa kujaza soda duniani, hapa Mwanza anayejaza ni Nyanza Bottling kwa makubaliano, ananunua malighafi ya kinywaji, anafuata vipimo alivyopewa, anauza kwenye eneo alilopangiwa. Na yale mabango ya soda yaliyoandikwa bei kwa maandishi makubwa, hiyo ni njia nyingine ya kuzuia faida ya pili isipande juu ya ya kwanza, mama mwenye friji anashindwa kuongeza hela kwa sababu mteja bei ameshaisoma nje. Mifano mingine ya mkataba, kama wenye maduka wanaoungana kununua pamoja au muuza holseli anayewakusanya wenye maduka chini ya jina moja, itaje kwa sentensi moja moja na uendelee, maana haina utata.

Sasa turudi ziwani, na nianze na dagaa kwa sababu huyo ndo njia ya kawaida ya kweli na watu wanamchanganya na sangara. Dagaa anavuliwa kwenye giza, mwezi ukiwa haujatoka, kwa taa, anaanikwa kwenye mchanga au kwenye chanja, anafungwa kwenye magunia na sehemu kubwa inaishia soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Ukifika pale unakuta mzigo kutoka Ukerewe, kutoka visiwa vya Muleba na Sengerema, wanunuzi wengine wametoka mikoani na wengine Kongo, Rwanda, Burundi, Kenya. Mama anashika dagaa kiganjani, anawavunja kusikia kama wamekauka, anaangalia kama kuna mchanga, anataja bei, mwenye gunia anakataa, mama anasogea hatua tatu kwa mwingine. Hakuna mtu mmoja pale anayeweza kusema dagaa wa leo lazima wawe wa ukavu fulani na bei ni hii. Ubora ni bahati yako na jicho lako, mchanga upo kwa sababu mwanikaji hapati hela zaidi ya maana kwa kununua chanja, faida ya chanja inaenda kwa watu watatu mbele yake. Hiyo ndo dalili ya njia ya kawaida, uwekezaji ambao ungesaidia cheni nzima haufanywi kwa sababu anayegharamika siye anayefaidi. Ila angalia pia upande wa pili, ile hasara ya faida juu ya faida niliyoipigia hesabu haipo sana Mwaloni. Wauzaji wapo wengi mno, akiongeza mmoja kidogo mteja kahama, kwa hiyo kila hatua inaweka faida nyembamba. Hesabu ya Spengler inauma pale kila hatua ikiwa na mtu mmoja au wachache wanaoweza kupanga bei. Hapa majibu mengi yanafeli, yanasema njia ya kawaida lazima iwe ghali, wakati inategemea wangapi wanashindana kwenye kila hatua.

Sangara ni dunia nyingine. Huyu samaki aliletwa kwenye ziwa miaka ya 1950 na 1960, akaja kuzaana kupita kiasi, na kuanzia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajengwa hapa Mwanza na miji mingine ya ziwa kwa ajili ya soko la nje, Ulaya hasa. Ukiangalia kwa juu cheni inaonekana imekatika vipande vipande: kuna wavuvi wanaolipwa kwa mgao wa samaki waliopatikana, kuna tajiri mwenye mitumbwi, kuna wakala mwenye boti la kukusanya na makasha ya barafu, kuna kiwanda. Watu wanne tofauti, biashara nne tofauti, kiwanda hakimiliki mtumbwi wala hakimwajiri mvuvi. Mwanafunzi akiona hivyo anaandika njia ya kawaida na kuhamia swali linalofuata. Lakini hajauliza hela inatoka wapi.

Hela inatoka chini ya cheni kwenda juu ziwani, yaani kiwandani kuelekea mtumbwini, kabla samaki hajavuliwa. Kiwanda kinampa wakala mafuta, barafu na fedha ya kununulia, wakala anampa tajiri injini au nyavu au ndoano kwa mkopo, na tajiri naye anawapa wavuvi chakula na mahitaji ya kambini. Samaki wanarudi njia ile ile hela iliyopita. Ukikaa kwenye mwalo wakati boti la barafu limefika unaona yote kwa macho: karani wa wakala ana mzani na daftari, samaki anafunuliwa mashavu kuangaliwa wekundu, anabonyezwa tumboni kama amelegea, anapimwa urefu maana chini ya sentimita 50 haruhusiwi, aliyekataliwa anawekwa pembeni na huyo ataishia soko la hapa hapa, kukaangwa au kukaushwa. Kisha uzito unaandikwa na pembeni yake makato ya deni. Bei imeshajulikana kabla mtumbwi haujatia nanga, imetoka kiwandani kwa simu. Tajiri anaweza kunung'unika ila hana wa kumuuzia mwingine usiku ule, maana barafu ni ya wakala na sangara asiye na barafu kwenye joto letu ana saa chache tu.

Haya tumia lile swali, tajiri anatii kwa nini? Kiwanda hakimmiliki, kwa hiyo koporeti hapana. Anatii kwa sababu akikubali anapata injini, akikiuka mkopo unaofuata haupo, na kwa sababu kiwanda ndo kinajua Ulaya wanataka nini. Hili la mwisho liliongezeka nguvu baada ya mwaka 1999, Ulaya ilipozuia sangara wa ziwa hili kwa hofu kwamba kuna watu wanavua kwa sumu, na ili kurudi sokoni ukaguzi wa usafi ukakazwa kuanzia mialoni mpaka kiwandani. Wanaosoma masoko wanakumbuka ile orodha ya French na Raven ya mwaka 1959 kuhusu vyanzo vya nguvu, nguvu ya kuzawadia, ya kuadhibu, ya utaalamu na nyinginezo. Watu wanaikariri kama mada nyingine tofauti kabisa, wakati iko pale pale, hiyo orodha ndo maelezo ya jinsi mfumo wa administadi unavyosimama. Barafu na mkopo ni zawadi, kunyimwa ni adhabu, viwango vya Ulaya ni utaalamu. Vitabu vya ng'ambo vinatoa mfano wa Walmart, yule mwenye maduka makubwa Marekani, na wanaomuuzia bidhaa, ni mfano sahihi, ila mwanafunzi wa Mwanza ana mfano wenye harufu ya ziwa na hautumii.

Kuna hoja mbili dhidi yangu na moja ni nzito, nitaipa nafasi yake. Inasema kama kuna mkopo na masharti ya kumuuzia aliyekukopesha, huo tayari ni mkataba, hata kama ni wa mdomo sheria inautambua, kwa hiyo sangara aende kundi la mkataba. Nakubali kwamba mstari kati ya haya makundi mawili ni mwembamba na mwanafunzi akiutetea vizuri upande wa mkataba mimi ningempa maksi. Ila ukichunguza, mkopo ule unafunga jambo moja tu, deni lirudi. Haupangi bei ya mwezi ujao, hausemi kiwanda kitanunua kilo ngapi, hausemi samaki akikataliwa nani anabeba hasara. Linganisha na yule anayejaza soda, yake imeandikwa eneo, vipimo na muda. Kwenye sangara mambo yote ya maana ya kuendesha cheni yanaamuliwa na mwenye nguvu siku kwa siku, na ushahidi wake ni kinachotokea nguvu ikihama. Msimu samaki wakiwa wachache viwanda vinagombania mzigo, wakala anaanza kupepesa macho, sehemu ya samaki inahamia kiwanda cha jirani, tajiri anabembelezwa, bei inapanda ndani ya wiki. Mkataba wa kweli ungezuia hilo au ungemfikisha mtu mahakamani. Hapa hakuna anayeshtakiwa, watu wanajipanga upya kufuata nani anamhitaji nani. Kadiri sangara wakubwa walivyopungua na viwanda kufanya kazi chini ya uwezo wake, mfumo wenyewe umelegea, na hili ni la kuandika kwenye mtihani, kwamba administadi inadumu muda ule tu kiongozi anapobaki na nguvu, wakati koporeti inadumu hata msimu mbaya kwa sababu mali ni yako.

Mahali pengine mfumo huu unapovuja ni bondo, ule mfuko wa hewa wa tumboni mwa samaki. Bondo la sangara linauzwa kwenda Asia kwa bei ambayo kwa kilo inaiacha minofu mbali sana, kwa hiyo limetengeneza njia yake yenye wanunuzi wake na fedha zao za mkononi. Kiwanda kinachokuja na barafu hakina ubavu ule ule juu ya bondo maana likikaushwa halihitaji barafu. Samaki mmoja, sehemu mbili, njia mbili, nguvu tofauti. Ndo maana sipendi jibu linalosema bidhaa fulani inatumia mfumo fulani kama vile ni sheria, inategemea ni kitu gani kinachomfanya mtu mmoja asiweze kuzungukwa.

Hoja ya pili ndo ile iliyoanza na vizimba, na kwa kweli ni dhaifu ingawa ndo maarufu. Inasema mfumo wima maana yake ni kuondoa madalali, na ukiwaondoa bei inashuka na mvuvi anapata zaidi. Kwanza hesabu niliyofanya juu haikumwondoa mtu yeyote, kwenye ule mkataba wa ada mwenye duka alibaki pale pale na bado bei ilishuka kutoka 16,000 kwenda 12,000. Kilichobadilika ni namna ya kugawana, idadi ya watu haikubadilika. Pili, unaweza kumwondoa wakala lakini kazi yake utaifanya wewe. Boti la kukusanya kutoka kisiwa kimoja mpaka kingine, barafu, makasha, fedha ya kukaa nje mpaka deni lirudi, hasara ya injini iliyoibiwa au mtumbwi uliozama na mkopo wake, vyote hivyo wakala alikuwa anavibeba na sehemu kubwa ya ile tofauti ya bei ilikuwa inavilipa. Sisemi anastahili yote. Tuseme tajiri mwenye deni analipwa pungufu ya 500 kwa kilo kuliko asiye na deni, kwa kilo 40 za usiku mmoja hiyo ni 20,000, na kama anaendelea kukatwa hivyo hata baada ya bei ya injini kurudi mara mbili, hapo kuna unyonyaji na lazima usemwe. Ila tatizo hilo ni la nguvu, na ukimwondoa wakala kiwanda kikaja chenyewe mwaloni, nguvu imeongezeka upande ule ule.

Na kuna swali ambalo hii hoja hailijibu, kama umiliki ni mzuri hivyo kwanini viwanda havikununua mitumbwi miaka yote hii, wakati hela vilikuwa nayo? Kwa sababu huwezi kumsimamia mwajiriwa usiku katikati ya ziwa. Mvuvi wa mshahara anaweza kuuza nusu ya samaki kwa boti lingine akarudi na hadithi ya mawimbi, na utamshika vipi. Mgao unamfanya avue kama mali ni yake, na tajiri anayeishi kambini anawajua vijana wake mmoja mmoja. Yaani koporeti inafaa pale kazi inapoonekana na kuhesabika, na hapo ndo kizimba kinapoleta tofauti ya kweli. Samaki wa kizimba hahami, unajua uliweka vifaranga wangapi, unajua mifuko ya chakula iliyoingia, wakipungua unajua kuna tatizo. Ndo maana upande wa Kenya, Homa Bay, kampuni ya Victory Farms imeweza kushika kituo cha vifaranga, vizimba, usafiri wa baridi mpaka matawi ya kuuzia. Na hata wao hawakufika mwisho wa njia, kutoka tawini samaki anachukuliwa na akina mama wachuuzi wanaokwenda kumuuza sokoni na mtaani kwa mtaji wao. Kampuni iliishia pale ambapo usimamizi unaanza kuwa mgumu tena, maana kumwajiri kila mama wa karai na kumhesabia samaki wake kila jioni ni kazi isiyolipa. Ukitaka mfano mmoja unaoonyesha mfumo wa umiliki na njia ya kawaida zikiunganishwa kwenye bidhaa moja, huo hapo.

Nirudi kwa vijana wetu wa vizimba, maana hao ndo wanaambiwa kwamba wamekuwa mfumo wima wenyewe. Wengi wao hawana kituo cha vifaranga, hawana mashine ya chakula, hawana gari la barafu. Wana vizimba tu, na vizimba vyenyewe kwa mkopo. Gharama kubwa kuliko zote kwenye ufugaji huu ni chakula, kinakula zaidi ya nusu ya pesa yote, na sato anachukua miezi kadhaa, kati ya sita na nane hivi, kabla ya kuuzika. Miezi yote hiyo kikundi kinatoa hela na hakiingizi. Kwa hiyo atakayewakopesha chakula ndiye atakayekaa kwenye kiti kile kile cha mwenye barafu kwenye sangara, na kama mtu huyo huyo ndiye pia mnunuzi wa samaki, basi kikundi kimo ndani ya administadi, kikiwa ni mfuasi, haijalishi kadi ya benki imeandikwa jina la nani. Wakiandikiana mapema bei ya chakula, bei ya kununulia samaki kwa saizi, na nani anabeba hasara samaki wakifa kwa maji kukosa hewa, wanakuwa wamehamia kwenye mkataba. Na wasipofungwa na mtu yeyote wakavuna na kupeleka sokoni wenyewe, wako njia ya kawaida, wana uhuru wa kumuuzia yeyote lakini siku ya kuvuna wana tani za samaki wanaoharibika na wanunuzi wanalijua hilo.

Hiyo ndo sababu naona ulinganisho ukiandikwa kama jedwali la faida na hasara unampotosha mwanafunzi, na baadaye unampotosha afisa au mshauri atakayekuwa anavishauri vikundi hivi. Kikundi kimoja cha vizimba kinaweza kuangukia administadi, mkataba au njia ya kawaida kwa kubadilisha vitu viwili tu, nani anakopesha chakula na nini kimeandikwa kabla vifaranga havijamwagwa. Mimi ningekuwa natunga swali ningeondoa yale maneno ya linganisha na toa mifano, ningempa mwanafunzi karatasi ya makubaliano ya kikundi kimoja na muuza chakula, nimwambie asome, aseme ni mfumo gani, na aonyeshe mstari gani ukifutwa mfumo unabadilika.